Karo limechelewa siku 6 na akiba ni siku 10: mradi umeguswa au haujaguswa?

*"Shikamoo mhandisi. Nasimamia ujenzi wa zahanati, mradi wa siku 80 za kazi. Kuchimba karo la maji taka kulipangiwa siku 8, tukakutana na mwamba, kumekula siku 14. Kazi hiyo haipo kwenye njia kuu, na ratiba inaonyesha ina akiba ya siku 10, kwa hiyo nimemwandikia mhandisi mshauri kwamba mradi haujaguswa. Kanijibu kwamba nimeshauchelewesha. Leo ni siku ya 29, ratiba nimekutumia. Fundi bomba na timu yake ni walewale kwa jengo zima. Nani kati yetu yuko sahihi?"*

Marahaba. Kwa hesabu ya karatasi, wewe uko sahihi. Kwa namna kazi itakavyokwenda pale saiti kuanzia wiki ijayo, yeye ndiye aliye sahihi, na sababu umeitaja mwenyewe bila kuipa uzito: fundi bomba ni mmoja. Habari njema ni kwamba leo ni siku ya 29, wala si ya 48. Bado unaweza kuirudisha ratiba mahali pake bila kuongeza fedha nyingi, lakini kwanza tuelewane siku 6 hizo zimekula nini.

Nimeipunguza ratiba yako nikabakiza kazi zinazohusika. Mstari wa juu ni njia kuu, wa chini ni wa karo:

```
Msingi                         15     1–15
Boma na lenta                  20    16–35
Kupaua na kuezeka              13    36–48
Mabomba na nyaya ukutani        6    49–54
Plasta                         12    55–66
Vigae                           8    67–74
Rangi na kumalizia              6    75–80

Kuchimba karo                   8    16–23
Kujenga karo                   18    24–41
Bomba la nje                    7    42–48
Kufukia na kushindilia          8    49–56
```

Njia kuu ni ule mfululizo mrefu kuliko yote kutoka mwanzo hadi mwisho. Jumlisha siku za kundi la juu utapata 80, ndiyo maana kila siku inayopotea pale inahamia moja kwa moja kwenye tarehe ya kukabidhi. Mstari wa karo unaanza baada ya msingi na unaishia kwenye vigae, kwa sababu mtaro wa bomba unakatiza mbele ya mlango mkuu na lori la vigae halifiki mlangoni mpaka mtaro ufukiwe. Kufukia kulipangwa kuishe siku ya 56, vigae vinaanza siku ya 67. Kati yake kuna siku 10 ambazo hazina kazi. Hizo ndizo akiba yako.

Sasa fungua ratiba kwenye Microsoft Project uangalie safu ya `Total Slack`, yaani siku ambazo kazi inaweza kuchelewa bila kusogeza mwisho wa mradi, kama ilivyokuwa kabla ya mwamba. Kuchimba kuna siku 10. Kujenga karo, siku 10. Bomba la nje, 10. Kufukia, 10. Mtu akisoma haraka anaona kila kazi ina siku 10 zake mfukoni. Sivyo. Ni siku 10 zilezile, zimeandikwa mara nne, kama sinia moja la pilau lililozungukwa na watu wanne. Anayeanza kula ndiye anayepunguza ya wenzake. Wewe umekula 6 kwenye kuchimba, hivyo wajenzi wa karo, fundi bomba na vibarua wa kufukia wamebaki na 4 kwa wote watatu, na naamini hakuna aliyewaambia.

Ukitaka kujua ni kazi gani inaweza kuchelewa bila kumsumbua mtu yeyote, angalia safu nyingine, `Free Slack`. Hapo kuchimba kunaonyesha 0. Ni kufukia peke yake kunakoonyesha 10, kwa sababu ndiko kazi ya mwisho kabla ya pengo. Kwa maneno mengine, ratiba yako ilikuwa inasema tangu mwanzo kwamba ukichelewa kuchimba hata siku moja, mwashi wa karo atasogea siku moja, na fundi bomba atasogea siku moja. Tarehe ya kukabidhi haisogei, lakini watu wanasogea. Na watu ndio wenye mikataba mingine, safari na saiti nyingine.

Tuwasogeze basi tuone. Kuchimba kumeisha leo, siku ya 29. Kujenga karo sasa ni siku ya 30 hadi 47. Bomba la nje, 48 hadi 54. Kufukia, 55 hadi 62. Vigae vinaanza 67 kama kawaida, kompyuta inakuonyesha akiba ya siku 4, na ndipo ulipoandika barua yako. Hesabu haina kosa hata moja.

Lakini weka kidole kwenye siku ya 49. Paa limeisha siku ya 48, na fundi bomba anatakiwa ndani ya jengo kuanzia 49 hadi 54 akate kuta na kulaza mabomba kabla ya plasta. Siku hizohizo, kwa ratiba mpya, anatakiwa nje kwenye mtaro. Katika ratiba ya kwanza alimaliza nje siku ya 48 na kuingia ndani siku ya 49, mguu huu baada ya huu, na kwa kuwa mambo yalipangika vizuri hakuna aliyeona kwamba kazi hizo mbili zimefungwa na kamba. Kamba hiyo haikuchorwa kwenye ratiba. Imo mwilini mwa fundi mwenyewe.

Ukimwacha amalize nje kwanza, anatoka mtaroni siku ya 54, anaingia ndani siku ya 55 hadi 60, plasta inaanza 61 badala ya 55, na zahanati inakabidhiwa siku ya 86. Siku zako 6 zimefika zote mwisho wa mradi, hakuna hata moja iliyomezwa na akiba.

Ukimwita ndani kwanza, atafanya siku moja nje, siku ya 48, kisha ataacha mtaro wazi aingie ndani 49 hadi 54, halafu arudi nje kumalizia siku 6 zilizobaki, 55 hadi 60. Vibarua wanafukia 61 hadi 68. Vigae vilikuwa vianze 67, sasa vinaanza 69. Unakabidhi siku ya 82. Umepunguza hasara kutoka siku 6 hadi 2, lakini bado umechelewa.

Nimeirudia hesabu hiyo kwa ucheleweshaji wa siku 1, 2, 3, 4 na 5. Ukimpa fundi kazi ya ndani kwanza, ungeweza kuchelewa kuchimba siku 4 tu bila kugusa tarehe ya mwisho. Ukimpa ya nje kwanza, hata siku 1 ingegusa. Kwa hiyo akiba ya kweli ya karo ilikuwa kati ya 0 na 4, kutegemea nani anapewa fundi kwanza. Siku 10 hazikuwahi kuwepo.

Hili si kosa la programu. Hesabu ya njia kuu ilibuniwa mwaka 1957 na James Kelley na Morgan Walker, kwa ajili ya miradi ya kampuni ya kemikali ya DuPont kule Marekani, na msingi wake mpaka leo ni vitu viwili: kazi inachukua siku ngapi, na inasubiri kazi gani. Ukiipa hivyo viwili, inakupa akiba. Haijui kwamba jina moja limeandikwa kwenye kazi mbili, mpaka uiambie. Jaribu leo: chora kiungo kutoka "Bomba la nje" kwenda "Mabomba na nyaya ukutani" kwenye ratiba ya awali, ukokotoe upya. Utaona `Total Slack` ya karo, kuanzia kuchimba hadi bomba la nje, inashuka kutoka 10 hadi 0 mbele ya macho yako. Mradi wako ulikuwa na njia kuu mbili tangu siku ya kwanza, na moja ilikuwa imefichwa.

Nimeliona hili kwa karibu. Kwenye bweni moja nililosimamia nikiwa bado kijana kazini, kreti za vioo zilichelewa wiki moja, na vioo vilikuwa na akiba ya wiki mbili na nusu. Nilitulia. Asubuhi moja nikamkuta fundi wa madirisha amekaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, zana zimefungwa kwenye gunia, anasubiri nauli. Siku zake kwetu zilikuwa zimeisha, saiti nyingine ilikuwa inamngoja mkoa wa jirani, na vioo vilikuwa ndiyo kwanza vinashushwa kwenye gari nyuma yake. Tulimsubiri arudi siku 19. Ratiba ukutani iliendelea kuonyesha akiba, kwa sababu kwenye ratiba fundi alikuwa ni neno tu.

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi hulisahau. Fundi akifanya ndani kwanza na mradi ukasogea hadi siku ya 82, njia kuu yenyewe inahama. Sasa inapita kwenye paa, mabomba ya ndani, salio la bomba la nje, kufukia, kisha vigae. Plasta imetoka humo. Inaisha siku ya 66 na vigae havianzi mpaka 69, kwa hiyo plasta, iliyokuwa haina akiba hata ya saa moja, sasa ina siku 2. Mhandisi mshauri akikuambia uwalipe mafundi plasta waongeze saa za jioni ili ufidie, utakuwa unatoa fedha kununua siku ambazo hazina pa kwenda. Watamaliza mapema wasubiri vibarua wafukie mtaro. Ndiyo maana kila kazi ya pembeni ikichelewa kwa kiasi kikubwa lazima ukokotoe ratiba upya kabla ya kuamua unamharakisha nani.

Na la tatu ni huo mwamba. Akiba ya siku 4 iliyobaki kwenye kompyuta inachukulia kwamba kazi zinazofuata zitakwenda kwa muda wake. Lakini mwamba hauishii kwenye ukuta wa shimo lako. Mtaro wa bomba la nje unatoka palepale. Kama kuchimba shimo kumetoka siku 8 hadi 14, kwa nini mtaro ubaki na siku zilezile? Kesho asubuhi wape vibarua wawili sururu, wachimbe vishimo vya majaribio kila baada ya mita tano kwenye mstari wa mtaro, mpaka kina cha bomba. Ni kazi ya nusu siku, na utajua kama zile siku 7 za bomba la nje bado ni 7. Ucheleweshaji wenye sababu ya kudumu ardhini hurudi kwenye kazi inayofuata, na akiba haikuhesabiwa kwa ajili hiyo.

Sasa dawa. Nimeitazama ratiba yako nikajiuliza: kwa nini bomba la nje linasubiri karo liishe? Kipande kinachohitaji karo ni cha mwisho tu, kile kinachoingia ukutani mwa karo. Kuanzia kwenye jengo, kupita chemba ya kwanza na ya pili, bomba linaweza kulazwa karo likiwa bado linajengwa. Fundi bomba alikuwa aje siku ya 42 kwa mpango wa kwanza. Mwache aje siku hiyohiyo. Afanye siku 6, ya 42 hadi 47, kutoka jengoni kuelekea karo, akiacha kipande cha mwisho. Siku ya 47 karo linaisha, siku ya 48 anaunganisha. Siku ya 49 anaingia ndani kama ilivyopangwa, na siku hiyohiyo vibarua wanaanza kufukia, wanamaliza 56. Zile siku 10 za kufukia zinarudi zote, na hukuongeza fundi wala saa za jioni.

Lakini usifanye hivyo kwa kukisia. Kwa kawaida bomba la maji taka linalazwa kuanzia chini kwenda juu kwa sababu usawa wa kuingilia karo ndio unaotawala mengine yote. Ukianzia juu, lazima usawa huo uwe umefungwa kwa kipimo kabla fundi hajashika jembe. Mwite mpimaji na darubini yake, apige kigingi cha usawa wa tundu la kuingilia karo, na mwashi aache tundu hilo hapohapo, si sentimita tano juu. Kwa bomba la milimita 100 na mteremko wa 1 kwa 40, unashuka sentimita 2.5 kila mita. Mtaro wa mita 20 unashuka nusu mita. Mwashi akikosea tundu kwa sentimita kumi, umepoteza karibu mita nne za mteremko, na bomba lote litafukuliwa. Hapo utapoteza zaidi ya siku 6. Siku ya 41 jioni pima tena: kama ukuta wa karo haujafika kwenye tundu na tundu halijahakikiwa, usianze.

Ikishindikana, yaani mwashi yuko nyuma au mwamba umeonekana mtaroni, una njia ya akiba. Fundi aingie ndani kwanza siku ya 49, na akirudi nje, vibarua wasisubiri amalize mtaro wote. Bomba lipimwe kwa maji kipande kwa kipande, chemba hadi chemba, na kila kilichopita kifukiwe hapohapo. Wakianza siku 3 kabla fundi hajamaliza, wanamaliza siku ya 65, na vigae vinaanza 67 bila tatizo. Hatari yake ni kufukia bomba ambalo halijakaguliwa, kwa hiyo mhandisi mshauri aje kuona kila kipande, na utamhitaji akiwa amepewa taarifa mapema.

Hilo linanirudisha kwenye barua yako. "Mradi haujaguswa" ni sentensi itakayokuumiza baadaye. Mwandikie upya. Sema kuchimba kumezidi kwa siku 6 kwa sababu ya mwamba, akiba ya mstari wa karo imeshuka kutoka 10 hadi 4 kwa mantiki ya ratiba, kuna mgongano wa fundi bomba kuanzia siku ya 49, na mpango wako ni kuanza bomba la nje siku ya 42. Ambatisha ratiba iliyokokotolewa upya yenye kile kiungo cha fundi.

Tenganisha pia siku na fedha. Kama mkataba wako umefuata kitabu chekundu cha FIDIC cha 1999, yaani masharti ya mfano ya mikataba ya ujenzi, kukuta hali ya ardhi ambayo mkandarasi mzoefu asingeweza kuitarajia kuko kwenye kifungu cha 4.12, na kunaweza kukupa nyongeza ya muda na gharama. Muda utaupata tu kama kukamilika kwa mradi kumechelewa au kutachelewa, na ukifanikiwa na mpango wa siku ya 42 hautachelewa. Gharama ya kupasua mwamba ni suala jingine. Mwamba ulipasuliwa hata kama akiba ilikuwepo. Lakini kifungu cha 20.1 kinakutaka utoe taarifa ndani ya siku 28 tangu ulipojua au ulipopaswa kujua, na hizo ni siku za kalenda, si za kazi. Siku zako 14 za kuchimba tayari zimekula zaidi ya wiki mbili za kalenda, kwa hiyo tafuta kwenye daftari la saiti ni tarehe gani sururu iligonga jiwe mara ya kwanza, uhesabu kutoka hapo.

Mshauri wako anaweza kudai kwamba akiba ni ya mteja, na wewe ukadai ni ya mkandarasi. Kama mkataba haujasema lolote, msimamo wa Jumuiya ya Sheria ya Ujenzi ya Uingereza katika mwongozo wake wa ucheleweshaji wa mwaka 2017 ni kwamba akiba ni ya mradi, na anayeitumia ni yule aliyeihitaji kwanza. Mwongozo huo si sheria wala si sehemu ya mkataba wako, lakini washauri wengi wanaufahamu na utawasaidia msibishane bure.

Kabla ya barua, mpigie fundi bomba leo. Usimuulize kama yupo tayari, muulize yuko wapi siku ya 42 hadi ya 54, kwa tarehe za kalenda, na kama ameshamuahidi mtu mwingine. Inawezekana alishasikia kwa vibarua kwamba karo limekwama, akachukua kazi nyingine. Jibu lake ndilo litakalokuambia akiba yako ni siku ngapi.